Kurejeshewa ushuru wa bidhaa uwanjani Dubai: risiti, mzigo na saa

ELIMU KWA UMMA

Msafiri amefika kwenye dirisha la marejesho ya ushuru katika uwanja wa ndege wa Dubai, risiti zote mkononi na pasipoti juu yake. Afisa anamwuliza swali moja tu: bidhaa ziko wapi? Msafiri anajibu kwamba ziko ndani ya sanduku, na sanduku amekwisha kulikabidhi kwa shirika la ndege. Mazungumzo huishia hapo. Pesa zilikuwa zake, lakini mzigo umetangulia na hakuna wa kuurudisha.

Wakazi wengi wa kaunti hii husafiri kwenda Dubai kwa ununuzi wa harusi, bidhaa za duka au matembezi ya familia. Shirika la flydubai lilianza safari za Mombasa mwezi Januari 2024, na wengine hupitia Nairobi. Makala haya yanaeleza jinsi mtalii anavyorejeshewa ushuru alioulipa madukani huko, tangu anapoingia dukani hadi anaporudi nyumbani. Jambo kuu la kukumbuka ni kwamba fedha hizi hazipotei kwenye dirisha la malipo. Hupotea mapema zaidi: dukani, pale mnunuzi anaposahau kuonyesha pasipoti, na kwenye kaunta ya shirika la ndege, pale sanduku linapokabidhiwa kabla ya wakati.

Ni pesa gani hizi?

Umoja wa Falme za Kiarabu ulianza kutoza ushuru wa ziada ya thamani, ule unaoandikwa VAT kwenye risiti, tarehe 1 Januari 2018. Kiwango chake ni asilimia 5, ikilinganishwa na asilimia 16 ya hapa Kenya. Ushuru huu hulipwa na mtu anayetumia bidhaa ndani ya nchi. Mtalii anayenunua bidhaa na kuondoka nayo hakuitumia huko, na ndiyo sababu serikali ya huko hukubali kumrudishia sehemu kubwa ya alicholipa. Mpango wa kuwarejeshea watalii ulianza Novemba mwaka huo huo wa 2018, chini ya mamlaka ya shirikisho ya ushuru ya nchi hiyo, na shughuli za kila siku huendeshwa na kampuni iitwayo Planet.

Mtalii harudishiwi ushuru wote. Hupewa asilimia 85 ya ushuru alioulipa, kisha hukatwa ada ya dirhamu 4.80 kwa kila risiti iliyosajiliwa. Hesabu yake si ngumu, ila kuna kosa moja ambalo wengi hulifanya. Bei inayoonekana dukani huwa tayari ina ushuru ndani yake. Kwa hivyo ushuru haupatikani kwa kuchukua asilimia 5 ya bei hiyo, bali kwa kugawanya bei kwa 105 na kuzidisha kwa 5.

Chukua simu inayouzwa dirhamu 2,100. Ukigawanya kwa 105 unapata 20, na ukizidisha kwa 5 unapata 100. Ushuru uliomo ni dirhamu 100. Asilimia 85 yake ni dirhamu 85, na ukiondoa ada ya 4.80 zinabaki dirhamu 80.20. Kwa kukadiria shilingi 35 kwa kila dirhamu, hiyo ni takriban shilingi 2,807. Kwa maneno mengine, mtalii hurudishiwa kama shilingi 4 katika kila shilingi 100 alizotumia, na ada hupunguza kidogo hapo.

Inafaa kujua kiasi hiki mapema, kwa sababu kinasaidia kuamua lini kudai marejesho na lini kupatana bei. Muuzaji akiwa tayari kupunguza bei kwa shilingi 10 katika kila 100, punguzo hilo ni kubwa kuliko marejesho yenyewe. Lakini punguzo likiwa ni la kumfanya mnunuzi aondoke bila risiti, atakuwa amekosa pia dhamana ya bidhaa na ushahidi wa bei atakaouhitaji kwa maafisa wa forodha akirudi Kenya.

Nani anastahili?

Mpango huu ni wa mtalii, yaani mtu asiye mkazi wa Umoja wa Falme za Kiarabu, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na ambaye si mfanyakazi wa ndege anayoondoka nayo.

Hapa ndipo penye mkanganyiko kwa familia nyingi. Kijana wa Kenya anayefanya kazi Dubai na aliye na kibali cha ukaazi hastahili kurejeshewa, hata kama ana pasipoti ya Kenya na anakuja nyumbani kwa likizo ya mwezi mmoja. Kinachoangaliwa ni makao, si uraia. Mama yake aliyekwenda kumtembelea kwa viza ya utalii anastahili.

Wengine hujaribu kuzunguka kanuni hii kwa kumwomba mgeni anunue kwa pasipoti yake. Mama anaweza kumnunulia mwanawe kitu, lakini akitaka kurejeshewa ushuru, kitu hicho lazima kiondoke nchini pamoja naye. Televisheni iliyonunuliwa kwa pasipoti ya mama na kubaki sebuleni kwa kijana haiwezi kuonyeshwa uwanjani, na isipoonekana hakuna malipo. Vilevile msafiri asikubali kubeba mzigo wa mtu mwingine na kuudai kama wake. Bidhaa iliyosajiliwa kwa pasipoti ya fulani hudaiwa na fulani huyo.

Dukani: hapa ndipo dai huanza

Si kila duka lililo Dubai limo katika mpango huu. Duka linaweza kuwa linatoza ushuru kihalali na bado lisiwe limejiunga na mpango wa watalii. Maduka yaliyojiunga kwa kawaida huweka alama iliyoandikwa “Tax Free” mlangoni au karibu na keshia. Maduka makubwa ya nguo, simu, saa na vito katika majengo ya biashara mengi yamejiunga. Vibanda na maduka madogo ya sokoni mara nyingi hayamo. Isitoshe, biashara ambayo mauzo yake kwa mwaka hayafikii dirhamu 375,000 hailazimiki hata kusajiliwa kutoza ushuru huo. Mahali ambapo ushuru haukutozwa, hakuna cha kurudishiwa.

Kwa hivyo swali la kwanza huulizwa kabla ya kulipa: je, duka hili hutoa marejesho ya ushuru kwa watalii? Jibu likiwa ndiyo, mnunuzi huangalia mambo matatu.

La kwanza ni kiasi. Kima cha chini cha ununuzi ni dirhamu 250, ushuru ukiwemo. Anayenunua bidhaa za dirhamu 200 katika duka moja, 200 katika la pili na 200 katika la tatu hapati kitu, ijapokuwa ametumia 600 kwa jumla. Angenunua zote katika duka moja kwa risiti moja, ushuru ungekuwa dirhamu 28.57, na baada ya hesabu angebaki na dirhamu 19.49. Kukusanya manunuzi pamoja kuna faida nyingine pia: ada ya 4.80 hukatwa mara moja badala ya mara kadhaa.

La pili ni pasipoti. Mtalii humpa mhudumu pasipoti yake wakati wa kulipa ili mauzo yasajiliwe kwa jina lake. Hapo awali duka lilibandika stika maalumu nyuma ya risiti, na msafiri alitembea na rundo la karatasi hadi uwanjani. Tangu mwaka 2022 shughuli hiyo imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki, na mauzo huunganishwa na namba ya pasipoti. Urahisi huu umeleta kosa jipya: mnunuzi huondoka na risiti ya kawaida akidhani amesajiliwa, kumbe mhudumu hakuingiza pasipoti. Kabla ya kutoka dukani, aulize waziwazi kama mauzo yamesajiliwa kwa marejesho, na ahakikishe kwamba jina na namba ya pasipoti vimeandikwa sawasawa. Tarakimu moja iliyokosewa yatosha kufanya risiti isionekane kwenye mfumo uwanjani. Mwenye pasipoti mbili atumie ile ile dukani na uwanjani.

La tatu ni risiti yenyewe. Risiti halali ya ushuru huwa na maneno “Tax Invoice”, jina la duka, tarehe, kiasi cha ushuru na namba ya usajili ya duka inayotambulishwa kwa herufi TRN na yenye tarakimu 15. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono bila namba hiyo haiwezi kuthibitisha kwamba ushuru ulilipwa. Hata ingawa mfumo ni wa kielektroniki, risiti hizi zitunzwe. Wino wa risiti nyingi hufifia kwenye joto, kwa hivyo ni vyema kuzipiga picha kwa simu siku ile ile.

Yapo pia mambo ambayo hayarejeshewi ushuru kabisa. Hoteli, teksi, chakula cha mkahawani na tiketi za matembezi ni huduma zilizotumiwa huko huko. Magari, mashua na ndege hayamo. Bidhaa iliyokwisha kutumiwa, yote au sehemu yake, nayo haimo. Chupa ya manukato iliyofunguliwa na kupulizwa hotelini imeanza kutumika, na afisa akiiona ana haki ya kuikataa.

Neno kuhusu dhahabu

Kwa kuwa mahari na zawadi za harusi huwapeleka wengi kwenye soko la dhahabu la Deira, inafaa kutofautisha aina mbili. Vito, kama bangili, mikufu na vipuli, hutozwa ushuru wa asilimia 5 anaponunua mteja wa kawaida, na ushuru huo unaweza kurejeshwa ikiwa duka limo kwenye mpango. Dhahabu ya kuwekeza, kama vipande na sarafu zenye usafi wa asilimia 99 au zaidi, hutozwa ushuru wa asilimia sifuri. Mwenye kununua kipande cha dhahabu safi asishangae kuona hakuna cha kudai, kwa sababu hakutozwa chochote. Na katika kupatana bei ya bangili, aulize kama bei anayotajiwa imejumuisha ushuru au la. Wapo wauzaji ambao hutaja bei ya dhahabu na gharama ya ufundi kwanza, kisha ushuru ukaongezwa mwishoni.

Mzigo wa kago haumo

Hili ndilo linalowagusa wafanyabiashara zaidi. Wengi wao hununua mapazia, viatu, vyombo au vipodozi, kisha huvipeleka kwa wakala wa kago asafirishe kwa ndege au meli hadi Mombasa. Ni njia nafuu kwa mzigo mzito. Lakini mpango wa watalii ni wa bidhaa zinazoondoka na msafiri mwenyewe, katika sanduku lake au mfuko wa mkononi. Bidhaa iliyo katika ghala la wakala haiwezi kukaguliwa uwanjani, hivyo haidaiwi hata kama ilisajiliwa dukani kwa pasipoti.

Mfanyabiashara mwenye mzigo wa namna hiyo na azungumze na muuzaji mapema, kabla ya kulipa, kuhusu bei ya bidhaa zinazosafirishwa nje ya nchi. Hayo ni makubaliano tofauti, yenye hati zake za usafirishaji, na dirisha la watalii uwanjani halihusiki nayo.

Kwa hivyo msafiri anayegawa mzigo wake kati ya kago na sanduku aamue kabla ya kufunga. Vitu vidogo vyenye bei kubwa, kama simu, saa, vito na manukato, viingie sandukuni. Ndivyo vyenye ushuru mkubwa kwa kilo moja. Vitu vizito vya bei ndogo ndivyo viende kago.

Uwanjani: mpangilio ni huu

Bidhaa lazima ziondoke nchini ndani ya siku 90 tangu siku ya kununuliwa. Kwa mtalii wa kawaida muda huo unatosha. Tatizo kubwa huwa ni saa za siku ya safari. Anayefika uwanjani saa mbili kabla ya ndege kuondoka anaweza kuwahi ndege, lakini pengine asiwahi foleni ya marejesho. Saa tatu ni salama zaidi, na mwenye risiti nyingi au anayesafiri msimu wa sikukuu na maonyesho ya ununuzi ya Desemba na Januari aongeze saa nyingine moja.

Akishafika, hatua zake zifuatane hivi.

Kwanza, asiende kwenye kaunta ya shirika la ndege. Atafute sehemu ya uthibitisho wa marejesho ya ushuru, ambayo ipo upande wa kuondokea, kabla ya mahali pa kukabidhi mizigo. Aulize kwa mhudumu wa terminali iliyoandikwa kwenye tiketi yake, kwa kuwa uwanja wa Dubai una terminali zaidi ya moja na si zote zimekaribiana. Kupotea terminali humla msafiri muda mwingi kuliko foleni yenyewe.

Pili, awe na pasipoti, tiketi au uthibitisho wa safari, risiti, na bidhaa zenyewe. Mahali hapo huwa na mashine za kujihudumia na maafisa. Mashine husoma pasipoti na kuonyesha manunuzi yaliyosajiliwa. Inaweza kukubali moja kwa moja, au ikamwelekeza msafiri kwa afisa ili bidhaa zikaguliwe. Kuelekezwa kwa afisa si dalili ya kosa. Ni ukaguzi wa kawaida, na humalizika haraka kwa aliyepanga mzigo wake vizuri.

Kupanga vizuri kuna maana mahususi hapa. Bidhaa zinazodaiwa zikae juu kabisa sandukuni au katika mfuko mmoja, zikiwa katika vifungashio vyake pamoja na lebo. Sanduku lisifungwe kwa plastiki ya kuzungushia kabla ya hatua hii. Aliyelizungushia plastiki hotelini atalazimika kulipasua mbele ya foleni, na kulipia tena lizungushiwe.

Tatu, uthibitisho ukishatolewa, ndipo msafiri huenda kupima na kukabidhi sanduku kwa shirika la ndege. Vito na vitu vya thamani ni vyema abaki navyo kwenye mfuko wa mkononi, si kwa sababu ya ushuru tu bali kwa usalama wake pia. Hata hivyo, navyo vionyeshwe kwenye hatua ya uthibitisho pamoja na vingine.

Nne, malipo. Msafiri huchagua kati ya pesa taslimu za dirhamu na kurudishiwa kwenye kadi ya benki. Pesa taslimu hupatikana pale pale, lakini kuna ukomo wa kiasi kinacholipwa taslimu kwa siku, na dirhamu zikibaki mfukoni zitabadilishwa Mombasa kwa bei ya duka la fedha. Kadi inafaa kwa kiasi kikubwa, ingawa fedha huchukua siku kadhaa kuingia na benki hubadilisha kwa kiwango chake. Anayechagua kadi asome namba yake mara mbili kabla ya kubonyeza, kisha atunze karatasi ya uthibitisho hadi pesa zionekane kwenye akaunti.

Msafiri asimpe mtu mwingine pasipoti na risiti zake ili “amsaidie” kwenye foleni kwa malipo. Dai lake hulisimamia yeye mwenyewe, na pasipoti ndiyo itakayomvusha uhamiaji.

Mfano kamili

Tuchukue mfano wa mama mmoja mfanyabiashara wa Kisauni, aliye Dubai kwa siku tano kwa viza ya utalii, akinunua vitu vya harusi ya bintiye na vichache vya duka.

Siku ya kwanza ananunua bangili katika duka lenye alama ya mpango, kwa dirhamu 4,200 ushuru ukiwemo. Pasipoti imesajiliwa. Ushuru ni dirhamu 200, asilimia 85 yake ni 170, na baada ya ada ni dirhamu 165.20.

Siku ya pili ananunua simu ya dirhamu 1,575. Ushuru ni 75, asilimia 85 ni 63.75, na baada ya ada ni dirhamu 58.95. Siku hiyo hiyo ananunua manukato ya dirhamu 315. Ushuru ni 15, asilimia 85 ni 12.75, na baada ya ada ni dirhamu 7.95. Anataka kufungua chupa moja aijaribu hotelini, lakini anakumbuka na kuiacha na plastiki yake.

Siku ya tatu ananunua vitambaa vya dirhamu 2,000 katika duka dogo la Deira. Amepatana bei, analipa taslimu, na anapewa karatasi isiyo na namba ya TRN. Hapa hakuna dai. Faida yake ni lile punguzo alilopata, basi.

Siku ya nne ananunua mashuka na mapazia kwa dirhamu 1,050 katika duka kubwa lililo kwenye mpango, na pasipoti inasajiliwa. Ushuru ni 50, asilimia 85 ni 42.50, na baada ya ada angepata dirhamu 37.70. Lakini mzigo ni mzito, anaupeleka kwa wakala wa kago pamoja na vitambaa. Dirhamu hizo 37.70, kama shilingi 1,320, amezipoteza. Alipopiga hesabu aliona kwamba kulipia uzito wa ziada kwenye ndege kungemgharimu zaidi ya hapo, kwa hivyo hakukosea. Alijua anachokiacha.

Siku ya tano ndege yake inaondoka saa kumi jioni. Anafika uwanjani saa sita na nusu mchana, saa tatu na nusu kabla. Bangili ziko kwenye mkoba wa mkononi, simu na manukato juu ya sanduku. Mashine inasoma pasipoti yake na kuonyesha mauzo manne. Inamwelekeza kwa afisa. Anaonyesha bangili, simu na manukato. Kuhusu mashuka anasema wazi kwamba hayupo nayo, yamekwenda kwa kago, na dai hilo linaachwa. Kusema hivyo ni salama kuliko kubahatisha, kwa kuwa anayedai bidhaa asiyokuwa nayo anajitia mashakani mbele ya forodha ya nchi ya watu.

Jumla yake ni 165.20, 58.95 na 7.95, yaani dirhamu 232.10. Kwa kadirio lile lile la shilingi 35, ni takriban shilingi 8,120. Anachagua pesa taslimu, anakwenda kupima sanduku, na bado ana muda wa kula kabla ya kuitwa kupanda ndege.

Angeanzia kwenye kaunta ya shirika la ndege, simu na manukato vingekuwa vimeondoka na sanduku, na angebaki na dai la bangili pekee.

Akifika nyumbani

Kurejeshewa ushuru Dubai hakumwondolei msafiri wajibu wake kwa Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA. Hizo ni nchi mbili na ushuru wa aina mbili. Dubai humrudishia kwa sababu bidhaa imeondoka huko, na Kenya huweza kumtoza kwa sababu bidhaa imeingia hapa.

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutofautisha vitu vya matumizi binafsi vya msafiri na bidhaa za kuuza. Vitu binafsi vina msamaha hadi kiwango kilichowekwa. Bidhaa za biashara hazina msamaha huo, hata zikiwa ndani ya sanduku la nguo. Nguo moja ya bi harusi ni kitu binafsi. Nguo kumi na mbili za aina moja, saizi tofauti na lebo zake zote, zitaulizwa. Anayebeba bidhaa za kuuza azitangaze anapofika.

Hapa risiti zile zile zilizomsaidia Dubai humsaidia tena. Afisa wa forodha asipoonyeshwa bei iliyolipwa, atakadiria thamani mwenyewe, na makadirio yanaweza kuwa juu kuliko bei halisi. Kwa sababu hiyo risiti zisitupwe baada ya kulipwa marejesho. Na kwa sababu hiyo hiyo, aliyedai marejesho ya bangili za dirhamu 4,200 asije akasema Mombasa kwamba zilikuwa za dirhamu 1,000.

Nchi nyingine, kanuni nyingine

Haya yote ni ya Umoja wa Falme za Kiarabu. Msafiri asidhani kwamba kila uwanja wa ndege duniani una dirisha kama hilo. Uingereza iliondoa mpango wake kwa watalii wanaonunua madukani London na kwingineko Uingereza bara tarehe 1 Januari 2021, na bado wapo wageni wanaokusanya risiti huko bila faida. Afrika Kusini na China zinayo mipango, lakini kima cha chini, kiwango cha ushuru na mpangilio wa uwanjani ni tofauti. Anayekwenda huko aulize dukani siku ya kwanza ya ununuzi, si siku ya kurudi.

Kwa ufupi

Kabla ya kulipa: uliza kama duka limo kwenye mpango, hakikisha ununuzi umefika dirhamu 250, toa pasipoti na uone imesajiliwa.

Kabla ya kufunga mzigo: tenga bidhaa za kudaiwa, usizitumie, na uamue kipi kinaenda kago ukijua hakitarejeshewa.

Kabla ya kukabidhi sanduku: pitia kwenye uthibitisho kwanza, bidhaa zikiwa mkononi, ndani ya siku 90 tangu kununua.

Baada ya kulipwa: tunza risiti hadi utoke forodhani Kenya.